Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: michirizi na vinyweleo vinavyofutwa kwenye picha za nguo za kuogelea

Ninahariri picha za nguo hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa katalogi za mavazi ya kuogelea: bikini, vazi la kipande kimoja, kaptula za wanaume, na siku hizi mavazi ya stara ya kuogelea. Nimefuta michirizi mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na kina mama, wasichana, wenye maduka na wanamitindo wenyewe. Ninayajibu nikianzia kwenye kile ambacho mikono yangu imekifanya.

Ni nini hasa kinachofutwa?

Agizo likija kutoka kwa mteja, mara nyingi ni maneno mawili tu: "ngozi safi." Mhariri anajua maana yake. Aondoe michirizi kwenye nyonga, mapaja, matako na matiti. Aondoe vinyweleo vya kwapani, vya mapajani, vya kitovuni na vile vinavyochungulia pembezoni mwa chupi ya bikini. Aondoe vipele vya kunyoa, weusi wa kwapa na weusi wa katikati ya mapaja. Makovu ya chanjo huondoka pia, na vidoa vya kuumwa na mbu.

Angalieni neno lenyewe. Sisi katika kazi hii tunasema "kusafisha picha", na kitu kinachosafishwa ni uchafu. Mchanga uliogandia kwenye goti na uzi uliochomoza kwenye mshono ni uchafu kweli. Michirizi imeingia kwenye orodha hiyo hiyo, ikafutwa kwa brashi ile ile, na wengi wetu tulioishika brashi hatukusimama kuuliza imefikaje pale.

Michirizi ni nini, na ni watu gani wanakuwa nayo?

Ngozi ina tabaka la juu tunaloligusa, na chini yake tabaka nene lenye nyuzi zinazoipa uimara na mvutano. Mwili ukikua haraka kuliko nyuzi hizo zinavyoweza kuhimili, nyuzi huachana na ngozi huponea hapo kama kovu dogo. Ndiyo maana michirizi hutokea wakati wa balehe, wakati wa ujauzito, mtu anaponenepa kwa muda mfupi, na hata kwa vijana wa kiume wanaorefuka ghafla, ambao mara nyingi huipata kiunoni kwa nyuma, imelala kama mistari ya daftari.

Mwanzoni huwa na rangi nyekundu au zambarau, na kwa ngozi nyeusi huonekana ya kiza kuliko ngozi iliyoizunguka. Baada ya miezi mingi hufifia, ikawa na mng'ao wa kijivu au mweupe. Kwa kuwa kidonda kilikuwa katika tabaka la chini, hakuna mafuta ya kupaka yanayoirudisha ngozi ilivyokuwa. Ni jambo la kawaida mno. Wajawazito wengi huipata, na vijana wengi huipata kabla hawajamaliza shule.

Kipo chanzo kimoja ambacho kwetu kinahitaji kutajwa kwa sauti: krimu zenye steroidi kali, kama zile zenye klobetasoli au betamethasoni, zinazouzwa kama krimu za kung'arisha au kuchanganywa kwenye mkorogo. Zikipakwa mapajani au kwapani kwa wiki nyingi huidhoofisha ngozi, ikawa nyembamba, na michirizi mipya ikatokea. Nimekutana na wanamitindo wawili waliopaka krimu hizo ili mapaja yao yafanane na ya kwenye katalogi, wakaishia kuwa na mistari mingi kuliko waliyoanza nayo.

Inafutwaje? Ni kubonyeza kitufe tu?

Hapana. Michirizi ni kazi ngumu kuliko chunusi, na kueleza ugumu huo kunasaidia kuelewa picha mnayoitazama.

Nichukue picha moja. Mwanamke amesimama upande, vazi la kipande kimoja la rangi ya bluu lililokatwa juu kwenye nyonga. Picha ina pikseli 6000 kwa 4000. Nyongani na nje ya paja kuna michirizi kama arobaini, mingine mirefu kama kidole, mingine kama punje ya mchele. Mwanga unatoka kushoto, kwa hiyo kila mstari una ukingo mmoja unaong'aa na mwingine wenye kivuli chembamba.

Hapo ndipo penye ugumu. Mstari mmoja ni vitu viwili: tofauti ya rangi, kwa maana mstari umepauka kuliko ngozi ya jirani, na tofauti ya umbile, kwa maana mstari ni laini na hauna vitundu vya jasho. Ukirekebisha rangi peke yake, mstari unabaki unang'aa kama utelezi wa konokono. Ukirekebisha umbile peke yake, unabaki doa jeupe lenye ngozi ya kawaida juu yake. Kwa hiyo mhariri huigawa picha katika tabaka mbili. Tabaka la chini hupewa ukungu wa `Gaussian Blur`, kwa picha kama hii labda pikseli 8 au 10, hadi kingo za michirizi na vitundu vipotee na yabaki mawimbi ya rangi na mwanga tu. Tabaka la juu hubeba kilichosalia, yaani umbile lenyewe, na huchanganywa kwa hali ya `Linear Light` ili zikikaa pamoja zirudishe picha ya awali.

Kisha anafanya kazi mara mbili. Juu, anachukua umbile la ngozi isiyo na mstari, labda kutoka katikati ya paja, na kulipandikiza juu ya kila mstari kwa `Healing Brush` au `Clone Stamp`. Chini, anazungushia kila eneo lililopauka na kulisambaza taratibu hadi rangi ifanane. Picha hiyo ya bluu ilinichukua kama dakika hamsini, na katalogi ilikuwa na picha sitini. Wenye haraka hawafanyi hivyo. Hulipiga paja zima ukungu, wakaongeza chembechembe za bandia juu, na mguu ukatoka kama wa mwanasesere.

Zingatieni jambo moja: kadiri mhariri anavyoijua kazi yake, ndivyo mtazamaji anavyokosa namna ya kugundua. Mimi nilipata sifa kwa sababu ngozi niliyoifuta ilibaki na vitundu vya jasho. Vilikuwa vitundu vya kweli, vya mwanamke yule yule, ila vilitoka sentimita kumi pembeni.

Na vinyweleo?

Kiswahili kina neno zuri kwa nywele laini za mwilini: malaika. Mtu akishtuka au akiona baridi, malaika humsimama. Kila mtu anao, mwanamke kwa mwanamume, na kwenye picha inayopigwa jua likiwa nyuma ya mwili huonekana kama ukingo wa dhahabu kwenye mkono na paja. Mpigapicha mzuri huupenda mwanga huo. Kisha picha inafika kwa mhariri na ukingo wote unafutwa, maana mteja ameona "nywele".

Ufutaji wa vinyweleo una kasoro ambayo ufutaji wa michirizi hauna: unaonyesha hali ya mwili ambayo haipo kabisa. Fikirieni jinsi nywele zinavyotolewa. Ukinyoa kwa wembe, siku ya pili vishina vimeanza kukwaruza, na chini ya ngozi nyeusi kila shina huonekana kama nukta. Nywele zilizojikunja sana, kama zetu wengi, zikikatwa karibu na ngozi huweza kujipinda na kuchoma kurudi ndani, vikatoka vipele vinavyoacha weusi kwa miezi. Ukitumia nta au sukari iliyochemshwa na limau, ngozi hubaki imeiva kwa saa kadhaa au siku moja mbili, na kabla ya kurudia lazima nywele ziachwe zikue kama nusu sentimita ili zishikike. Kila njia ina siku zake za vishina, au za vipele, au za kusubiri.

Mwanamke wa kwenye katalogi hana siku hizo. Hana shina, hana nukta, hana kipele wala weusi. Msichana anayenunua wembe ghali ili afike pale anafuata mahali ambapo mwanamitindo mwenyewe hakuwahi kufika. Najua, kwa sababu picha kabla ya kufutwa ninayo mimi.

Lakini kuondoa nywele ni usafi, tena ni sunna. Kuna ubaya gani picha ikionyesha hivyo?

Swali hili huulizwa sana na wasomaji wa Pwani na Visiwani, na linastahili jibu la heshima. Kutoa nywele za kwapani na za sehemu za siri ni katika sunna za maumbile, na mafundisho yanayofahamika ni kwamba zisiachwe zaidi ya siku 40. Desturi hiyo inahusu mwili halisi na inajua kwamba nywele zinaota tena: imeweka muda, na ndani ya muda huo mtu ana nywele, na bado ni msafi.

Picha iliyofutwa haina muda. Tena inavuka mipaka ya desturi hiyo, maana inafuta malaika ya mikono, ya tumbo na ya mapaja, ambayo sunna hiyo haikuyataja. Kunyoa miguu na makwapa kwa wanawake wa Marekani, kwa mfano, kulipata msukumo mkubwa kutoka sokoni. Kampuni ya Gillette ilianza kuuza wembe maalumu kwa wanawake mwaka 1915, nguo zisizo na mikono zilipokuwa zinaingia kwenye fasheni, na matangazo yakaanza kuziita nywele za kwapa jambo la aibu. Kiwango tunachokiona kwenye katalogi zinazoletwa huku kimetoka kwenye historia hiyo. Anayenyoa kwa imani yake aendelee kwa amani. Katalogi isimfanye aone kwamba bado ni mchafu baada ya kunyoa.

Nitajuaje kwamba picha imefutwa?

Kazi nzuri huwezi kuigundua kwa jicho, na nisingependa mtu ajilaumu kwa kudanganyika. Kazi ya haraka, ambayo ndiyo nyingi, huacha alama.

Ivuteni picha iwe kubwa, kisha linganisheni ngozi ya paja na ya goti au kiwiko cha mwili ule ule. Goti likiwa na mikunjo na vitundu, huku paja likiwa kama plastiki, brashi imepita. Tazameni kwapa la mkono ulioinuliwa: kwapa halisi lina mikunjo, kivuli na rangi tofauti kidogo, na likiwa tambarare kama kiganja, limepakwa. Matone ya maji huwasaliti wengi, kwani tone lina kivuli chake na mhariri hufuta kivuli akaliacha tone. Halafu tazameni pale ukingo wa nguo unapokutana na ngozi. Mpira wa chupi hukandamiza nyama na kuacha kijibonde. Mkikuta mstari ulionyooka kama umekatwa kwa mkasi, eneo hilo limeguswa.

Ni picha tu. Inamdhuru nani?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba watu hujipima kwa kujilinganisha na wenzao, hasa wale wanaowaona kuwa wanafanana nao. Kauli hiyo inanisaidia kuona kwa nini ngozi ni tofauti na wembamba. Msichana mnene akimwona mwanamitindo mwembamba sana anaweza kusema, "Yule ni mtu wa aina nyingine." Lakini katalogi nyingi sasa zina wanamitindo wanene, weusi, na wenye umri mkubwa. Msichana anamwona mtu mwenye nyonga kama zake, anafurahi, anasogea karibu, na kwenye nyonga zile hakuna mstari hata mmoja. Ulinganisho sasa unamgusa, maana yule ni mwenzake. Kwa maoni yangu, kufuta michirizi ya mwanamitindo mnene kunaumiza kuliko kumfuta mwembamba, na ndiko kunakofanyika zaidi kwa sababu anayo zaidi.

Utafiti upo wa kutosha kulizungumza jambo hili bila kutia chumvi. Mwaka 2008 Shelly Grabe na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 77 juu ya wanawake na picha za miili kwenye vyombo vya habari. Walikuta uhusiano kati ya kuziona picha hizo na kutouridhia mwili, na ukubwa wake ulikuwa mdogo hadi wa kati. Tafiti za namna hii nyingi zimefanyika kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Ulaya na Australia, kwa hiyo si haki kuchukua tarakimu zake na kuzibandika kwa msichana wa Tanga. Haimaanishi kila anayefungua katalogi anaumia. Inamaanisha kwamba katika kundi kubwa baadhi wanasukumwa kidogo, tena mara kwa mara, na wale waliozoea kujilinganisha husukumwa zaidi.

Kuna jaribio moja linalohusu vazi la kuogelea lenyewe. Barbara Fredrickson na wenzake walilichapisha mwaka 1998. Washiriki waliingia peke yao kwenye chumba chenye kioo kirefu, wengine wakajaribu sweta na wengine vazi la kuogelea, kisha wakapewa mtihani wa hesabu wakiwa bado wamelivaa. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya zaidi kuliko wanawake waliovaa sweta, ilhali kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Hapakuwa na mtu aliyewatazama. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya akili zao ilikuwa imeshughulika kujitazama.

Ninalikumbuka jaribio hilo kila nikiona kundi la wasichana Coco Beach siku ya Jumapili, wawili wamo majini na wanne wamekaa kwenye mchanga wamejifunga kanga hadi jioni. Sababu za kukaa ni nyingi, na heshima ni mojawapo. Lakini binti wa dada yangu aliniambia sababu yake: mapaja yake "yamechanika", na hajawahi kuona mtu mwingine aliye hivyo. Alikuwa amekaa pembeni ya mjomba ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha haoni.

Kwa nini wasiandike tu kwamba picha imehaririwa?

Nchi kadhaa zimejaribu, na hapa kuna mambo mawili ambayo watu wengi hawajayasikia.

La kwanza ni kwamba sheria nyingi hizi huangalia umbo na kuiacha ngozi. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, inataka picha ya biashara iliyomfanya mwanamitindo awe mwembamba au mnene zaidi iandikwe kwamba imehaririwa, na faini iliyotajwa ni euro 37,500. Siku hiyo hiyo wakala mkubwa wa picha, Getty Images, alikataza kupokea picha za namna hiyo, lakini akaeleza kwamba marekebisho ya ngozi na madoa bado yanaruhusiwa. Israeli nayo, ambayo sheria yake ilianza kazi mwaka 2013, inashughulika na wembamba. Katika nchi hizo ningeweza kufuta michirizi arobaini ya ile picha ya bluu bila kuandika neno. Norwei ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2022 tangazo lililobadilisha umbo, ukubwa au ngozi ya mtu lazima liwe na alama, nayo ichukue takriban asilimia 7 ya eneo la picha. Watu maarufu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza wamo pia.

La pili ni gumu zaidi. Lebo haimkingi mtazamaji. Marika Tiggemann wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, na wenzake wameonyesha wanawake picha za fasheni, nyingine zina lebo na nyingine hazina, na lebo hazikupunguza kutoridhika na mwili. Lebo iliyotaja sehemu iliyohaririwa ilikuwa na tatizo lake: katika jaribio lililofuatilia mwendo wa macho, macho yalivutwa kwenda kwenye sehemu ile ile iliyotajwa. Ukimwambia mtu "mapaja yamehaririwa", anatazama mapaja.

Hili linaendana na ninavyojiona mwenyewe. Ninajua kuliko wengi kwamba picha hizi zimefutwa, na bado nikimaliza siku nzima mbele yake ninajitazama kiooni kwa macho mengine. Ujuzi unafika baada ya jicho kukwisha kulinganisha. Kwa hiyo tatizo linatakiwa kukatwa kabla, kwenye lile agizo la "ngozi safi".

Kuna kampuni zilizoacha kufuta?

Zipo. Aerie ya Marekani, inayouza chupi na nguo za kuogelea, ilitangaza mwaka 2014 kwamba haitahariri tena miili ya wanamitindo wake, ikajenga jina kwa jambo hilo. Mwaka 2017 wateja wa ASOS ya Uingereza waligundua kwenye kurasa za bikini kwamba michirizi na makovu ya chunusi ya wanamitindo yameachwa yaonekane, na picha zikasambazwa sana kwa furaha. Ukilinganisha na mwaka 2011, H&M ilipokiri kwamba miili kwenye baadhi ya picha zake za nguo za ndani na za kuogelea ilitengenezwa na kompyuta na kubandikwa vichwa vya wanamitindo halisi, hapo kuna hatua.

Ninaongeza tahadhari moja. "Haijahaririwa" hakumaanishi "haijapangwa". Mwanga mpana uliowekwa mbele ya mwili huifanya michirizi ipotee nusu, kwa sababu hakuna kivuli cha kuionyesha. Vipodozi vya mwili hufunika sehemu iliyobaki. Na anayechagua mwanamitindo anaweza kumchagua asiye na mstari tangu mwanzo. Vinyweleo vimesahaulika hata kwa kampuni hizi: michirizi imeruhusiwa, kwapa bado ni la plastiki.

Wanaume nao hufutwa?

Ndiyo. Nywele za kifuani na mgongoni, na michirizi ya mabegani inayotokana na kunyanyua vyuma. Nimewahi kuagizwa kufuta njia ya nywele inayoshuka kutoka kitovuni kwenye picha kumi na mbili za kaptula. Vijana hawaulizi sana kuhusu jambo hili, na nadhani ni kwa sababu wanaona aibu kuuliza.

Binti yangu ana miaka 14 na ameacha kuogelea kwa sababu ya michirizi. Nimwambie nini?

Mama mpendwa, usianze na picha za katalogi. Kama utafiti wa lebo unavyoonyesha, kumwambia "zile ni za uongo" hakutoshi, na kunamrudisha kuzitazama. Anza na mwili wako, kama unaona sawa. Mwonyeshe michirizi yako, na umwambie ilitokea lini. Binti wa dada yangu hakuhitaji maelezo yangu ya pikseli. Alihitaji kuona nyonga za mama yake, na alipoziona alizitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kisha uliza, kwa upole, kama kuna krimu anayopaka. Ukikuta kopo lisilo na orodha ya viambato, au lenye majina niliyoyataja juu, mpeleke kwa daktari wa ngozi badala ya kumwachisha ghafla, maana ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka vibaya ikikatishwa. Na michirizi ikiwa mipana, ya zambarau, imetokea kwa wingi bila sababu ya ukuaji, huku uso umevimba au unene umeongezeka tumboni tu, hilo pia ni la daktari.

Nina duka la nguo za kuogelea Instagram na WhatsApp. Nawezaje kupiga picha nzuri bila kufuta miili?

Picha mbaya ndiyo inayowafanya wenye maduka waagize ufutaji, na picha mbaya mara nyingi ni picha ya saa sita mchana. Jua likiwa utosini, kila kibonde cha ngozi kinatupa kivuli na mwanamitindo anakunja uso. Pigeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Kama lazima iwe mchana, tafuteni kivuli kilicho wazi, kama cha ukuta mweupe, na mtu ashike shuka jeupe upande wa pili lirudishe mwanga. Michirizi itaonekana kama inavyoonekana kwa mtu aliyesimama mbele yako, bila kupigiwa kelele.

Kwa mhariri, andikeni agizo kamili badala ya "ngozi safi". Mimi hutumia kanuni ya wiki mbili: kitu ambacho kisingekuwepo mwilini baada ya wiki mbili kinaweza kuondolewa, na kitakachokuwepo kinabaki. Alama ya mpira wa sidiria iliyovuliwa muda si mrefu inaondoka. Chunusi, mchubuko na kidoa cha mbu vinaondoka. Michirizi, makovu, madoadoa ya kuzaliwa na weusi wa mapaja vinabaki. Vinyweleo vinabaki kama mwanamitindo alivyokuja navyo, na uamuzi wa kunyoa au kutonyoa uwe wake. Nguo yenyewe rekebisheni mnavyotaka: uzi, mkunjo, lebo iliyochomoza.

Ipo faida ya kibiashara ambayo wauzaji huisahau. Ukilainisha paja, unalainisha pia pale nguo inapokutana na paja, na mteja hawezi kuona kama mpira unabana au mkato unafika wapi. Mteja mmoja wangu wa Kariakoo alikuwa akirudishiwa vazi lililokatwa juu kwa malalamiko yale yale: "kwenye picha lilifunika zaidi." Halikuwa linafunika zaidi. Mhariri alikuwa ameondoa kila kitu ambacho kingemwonyesha mnunuzi kwamba ngozi pale iko wazi. Tulilipiga upya asubuhi moja, tukaacha mwili ulivyo, na malalamiko hayo yakakoma.

Na kama mwanamitindo mwenyewe ameomba afutiwe?

Hili bado linanisumbua. Mwili ni wake, na sioni haki ya kumlazimisha awe bango la msimamo wangu. Ninachofanya ni kumwonyesha picha kabla ya kugusa chochote, kwenye skrini kubwa, ikiwa imepigwa kwa mwanga mzuri, na kumwuliza anataka kipi kiondoke. Wengi huonyesha kitu ambacho sikukitarajia: jino, unywele uliokaa vibaya, namna walivyoshika mkono. Yule wa vazi la bluu, nilipompigia tena miaka miwili baadaye kwa kazi nyingine na kumwuliza swali hilo, aliinama kwenye skrini akatafuta nyonga zake. Akasema kwenye picha za mwanzo alidhani nimembadilisha na mtu mwingine, na akaniuliza kwa nini sikumwuliza siku ile.

Siku hizi ninauliza kwanza, na jibu linaandikwa kwenye mkataba kabla ya kamera kuwashwa.